Barua ya wazi kuhusu ekses ya magari ya kukodi

Kwa wasimamizi wa bima, kwa wanaolinda haki za watumiaji, na kwa wakuu wa kampuni za kukodisha magari.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu mstari mmoja tu wa mkataba. Kwa kawaida hukaa ukurasa wa pili au wa tatu, na hutaja kiasi ambacho mteja atabaki nacho shingoni gari likiharibika, hata kama amelipia kinga. Watu wa kaunta tunauita ekses. Nasema tunauita kwa sababu nilikaa nyuma ya kaunta hiyo miaka minne, na baada ya kuacha kazi nimesimama mbele yake mara nyingi kama mteja.

Sitataja fedha ya nchi yoyote. Kila kiasi nitakipima kwa kodi ya siku moja ya gari lenyewe, maana ndivyo mteja anavyohesabu kimoyomoyo anapoletewa ankara: hii ni sawa na siku ngapi za gari?

Nianze na neno bima, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapopotea. Mteja anauliza, "Bima ipo?" Mfanyakazi anajibu, "Ipo." Hajadanganya. Bima ya thedi pati ipo, ile ya kumlipa mtu mwingine uliyemgonga au uliyemharibia mali yake, na bila hiyo gari lisingeruhusiwa kutoka. Lakini mteja hakuuliza habari za mtu mwingine. Aliuliza habari za gari analokabidhiwa, naye kichwani ana picha ya bima kubwa kama ya gari lake la nyumbani. Kilichopo kwenye mkataba kwa ajili ya gari lenyewe ni herufi tatu, CDW, na herufi hizo kwa kawaida hazina maana ya bima. Maana yake ni msamaha. Mwenye gari ana haki ya kukudai hasara yote utakayolisababishia gari lake, na kwa kipengele hicho anaahidi kutokudai kinachozidi kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho ekses. Chini yake unalipa wewe, juu yake anakusamehe yeye, ilimradi hukuvunja masharti.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ya wanasheria tu, lakini matokeo yake ni makubwa. Katika bima, aliyepata hasara, anayeipima na anayeilipa huwa ni watu tofauti, na kila mmoja ana sababu ya kumchunga mwenzake. Katika msamaha, mwenye gari ndiye anayepanga ekses iwe kiasi gani, ndiye anayeamua mkwaruzo una thamani gani, ndiye anayesema kama masharti yamevunjwa, na kisha ndiye anayejilipa kutoka kwenye kadi yako, kwa sababu fedha alishazishikilia siku ulipochukua gari. Mahali pengi msamaha huu hauhesabiwi kuwa bima. Kwa hiyo mteja akienda kwa msimamizi wa bima anaambiwa aende kwa watu wa haki za watumiaji, na akienda huko anaulizwa kwa nini suala la bima halikupelekwa kwa wenye bima. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia nyote kwa pamoja.

Sasa niwape kisa changu mwenyewe, kwa hesabu zake.

Nilikodi gari dogo kwa siku 5. Ekses ilikuwa sawa na kodi ya siku 30, na kiasi hichohicho kikafungiwa kwenye kadi yangu. Kaunta walinipa pia nafasi ya kununua msamaha mkubwa, ule unaoshusha ekses hadi sifuri, kwa nusu ya kodi kila siku. Kwa siku 5 ingekuwa siku 2 na nusu. Nikakataa, kwa kiburi cha mtu aliyewahi kuuza kitu hichohicho.

Nililirudisha usiku, kaunta imefungwa, nikatumbukiza funguo kwenye kisanduku kama walivyoelekeza. Siku nne baadaye ikaja barua pepe yenye ankara. Bampa ya nyuma, mkwaruzo upande wa chini: siku 11. Rimu ya mbele kushoto: siku 6. Ada ya kushughulikia, mara mbili kwa sababu ni matukio mawili: siku 2 na siku 2. Fidia ya siku ambazo gari halikufanya kazi: siku 3. Jumla siku 24. Fedha ilikuwa imeshakatwa.

Tazameni hiyo jumla. Ekses ni 30, nimedaiwa 24, kwa hiyo msamaha ambao bei yake ilikuwa ndani ya kodi yangu haukunisaidia hata senti moja. Na hivyo ndivyo ulivyoundwa. Msamaha huanza kufanya kazi pale hasara inapoizidi ekses, nayo hasara nyingi za magari ya kukodi ni za maegesho: bampa, kona ya mlango, rimu, saidi mira. Miaka yangu minne ya kaunta, fomu za ajali kubwa ninazozikumbuka zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili. Fomu za mikwaruzo zilijaza makabati. Mteja anadhani amenunua kinga ya kila siku, kumbe amenunua kinga ya siku mbaya kabisa. Si kitu kibaya, na mimi nisingeendesha gari la mtu bila hiyo, ila hakuna anayemwambia.

Sasa rimu. Rimu niliikwaruza mimi. Nakumbuka ukingo wa barabara, nakumbuka na sauti yake, na nisingeikana hata mbele ya hakimu. Lakini hata kama ningenunua ule msamaha mkubwa, rimu ningeilipa vilevile, kwa sababu rimu, tairi, vioo, sehemu ya chini ya gari, paa, viti vya ndani na funguo mara nyingi huwekwa nje ya msamaha, mdogo na mkubwa. Kwa vitu hivyo hata ekses haina kazi, kwa maana hakuna msamaha wowote unaoanza juu yake, na mteja anadaiwa thamani kamili. Kasoro yangu ya siku 6 ilikaa kwenye ankara moja na bampa kana kwamba ni ndugu, ilhali kisheria moja ilikuwa chini ya msamaha na nyingine haikuwa. Msomaji wa kawaida hawezi kuona hilo kwenye karatasi. Mimi niliona kwa sababu karatasi za namna hiyo nilikuwa nazichapisha.

Bampa ndiyo iliyoninyima usingizi. Sijui kama ni mimi. Nilipochukua gari nilipiga video ya simu nikilizunguka, lakini kulikuwa na giza la alfajiri na nilipita nyuma nikiishikilia simu usawa wa taa. Ukingo wa chini wa bampa hauonekani. Picha walizonitumia wao zilipigwa saa tisa baada ya mimi kutumbukiza funguo, na katika saa hizo gari lilikuwa peke yake kwenye maegesho ya wazi. Mkataba unasema gari ni jukumu la mteja hadi litakapokaguliwa na mfanyakazi. Kwa hiyo hata kama mtu mwingine alirudi nyuma akaligonga saa saba usiku, mkwaruzo ni wangu. Nililipa, na hadi leo sijui nililipa kosa la nani.

Kilichofuata kilikuwa bahati tu. Keshoyake asubuhi, kabla sijapata ankara, nilirudi pale kutafuta chaja niliyoisahau kwenye dashibodi. Gari lilikuwa nje, boneti inafutwa, na familia moja inapakia mabegi. Namba ni zilezile. Rimu ya kushoto bado na jeraha lake jeupe. Nikapewa chaja yangu na mfanyakazi mpole, nikaondoka. Ankara ilipokuja ikinidai siku 3 ambazo eti gari lilikaa bila kazi likisubiri kutengenezwa, nikaandika kwa adabu nikiuliza: siku zipi? Nikaomba na risiti ya fundi.

Risiti haikuja. Lilikuja jedwali. Kampuni nyingi zina jedwali la uharibifu: mkwaruzo wa urefu huu kwenye bampa ni kiasi hiki, kibonyo cha upana huu mlangoni ni kiasi kile. Jedwali si dhambi. Huokoa muda, na mteja mwenye haraka ya ndege huweza kujua deni lake papo hapo. Shida ni kwamba linapanga bei ya matengenezo ambayo huenda yasifanyike. Gari la kukodi halikai miaka mingi kwenye kampuni. Mikwaruzo midogo huachwa, ikakusanyika, ikashughulikiwa kwa pamoja gari linapokaribia kuuzwa: bampa inapigwa rangi mara moja, na rangi hiyo moja inafunika mikwaruzo ya wateja watatu. Kama kila mmoja wa watatu hao alilipa bampa nzima, kampuni imeuza bampa moja mara tatu. Huo si ushahidi kwamba hufanyika kila mahali. Nasema tu kwamba bila risiti hakuna njia ya kujua, na mwenye jedwali hana sababu ya kukuambia.

Baada ya barua tano walinirudishia zile siku 3, na ada moja ya kushughulikia. Nikabaki na siku 19. Waliita "nia njema". Mimi niliita tarehe: niliwaandikia siku na saa niliyoliona gari likitoka.

Nadhani mnajua kwa nini ekses huwa kubwa hivyo. Nikiwa kaunta niliambiwa ni mwenye bima wa kampuni anayeipanga, nami niliwaambia wateja hivyo kwa moyo mweupe. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kampuni nyingi kubwa hubeba zenyewe hasara ya magari yao, na ekses ni bei tu kama bei nyingine. Ni bei inayouza kitu kingine. Ekses ikiwa ndogo, nani atanunua msamaha mkubwa? Ikiwa sawa na kodi ya mwezi, mtu atasita. Tulilipwa kamisheni kwa kila msamaha mkubwa tuliouza, na kila Jumatatu ubao wa ofisini ulionyesha nani ameuza ngapi. Maneno yetu yalikuwa karibu yaleyale kila siku: "Bosi, ekses ni siku thelathini. Mtu akikukwaruza tu kwenye maegesho, hiyo imekwenda." Kitu hichohicho kilichokuwa kimefichwa wakati mteja analinganisha bei, sasa kilitajwa kwa sauti, kwa sababu sasa kilikuwa na faida. Mteja ameshuka kwenye ndege, watoto wamechoka, foleni nyuma yake inaguna. Anasaini. Anayeuza mwavuli ndiye aliyepewa mamlaka ya kutangaza mvua.

Kuna kisa kimoja cha kaunta sikisahau, kwa sababu nilimwuzia mimi. Mteja alikuwa mtu makini, alinunua msamaha mkubwa bila kubembelezwa, akasema anataka amani. Kwenye njia ya mchepuko yenye kokoto alipita juu ya jiwe likapasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Hakusikia mlio wa kutisha. Baada ya muda taa nyekundu ya oili ikawaka, naye akaona mji uko karibu, akaendelea kilomita chache ili apate mahali salama pa kusimama na familia yake. Injini ikakwama.

Kwenye mkataba sehemu ya chini ya gari ilikuwa nje ya msamaha, kwa hiyo sampo ni yake. Kuendesha taa ya oili ikiwaka kukahesabiwa uzembe, na uzembe ulifuta msamaha wote, kwa hiyo injini ni yake. Gari la kuvuta nalo likaongezwa. Hakudaiwa ekses. Alidaiwa thamani kamili, iliyozidi ile ekses aliyokuwa amelipa ili iwe sifuri, mara kadhaa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu akirudia neno moja: "Lakini nililipia sifuri." Nami nilikuwa nimemwambia sifuri. Nilitamka neno hilo kwa mdomo wangu, nikampa kalamu.

Kisheria huenda kampuni ilikuwa na haki, na kweli mtu akiona taa nyekundu ya oili inampasa azime injini hapo hapo. Lakini naomba mzitenge hoja mbili ambazo kwenye mkataba zimechanganywa. Mlevi, dereva asiyeandikwa kwenye mkataba, mtu aliyekimbia ajali bila kuita polisi pale mkataba unapodai ripoti: hao wamevunja masharti kwa makusudi, na sina la kuwatetea. Aliyekosea kupima hatari kwa dakika tano ni mtu wa aina nyingine, na makosa ya namna hiyo ndiyo hasa kinga ilinunuliwa kwa ajili yake. Neno uzembe likiachwa bila mipaka linaweza kumeza karibu kila ajali, kwa kuwa ajali nyingi zina mtu aliyekosea.

Wapo wanaosema mteja mwerevu anunue bima ya ekses kutoka nje, kwa kampuni ya bima isiyo na uhusiano na mwenye gari. Ni ushauri mzuri, nami sasa hufanya hivyo, kwa sababu kwa kawaida bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya kaunta, na nyingi hufunika rimu, tairi, vioo na sehemu ya chini. Lakini bima hiyo hurudisha fedha, haizuii kukatwa. Kampuni ya gari itafungia amana yako yote kama kawaida, itakukata kama kawaida, kisha wewe ndiye utakayeandika madai. Na hapo utaombwa mkataba, fomu ya ukaguzi wa kuchukua na wa kurudisha, uthibitisho wa malipo, na risiti au ankara ya matengenezo yenye mchanganuo. Ukiwa na jedwali tu mkononi, huenda madai yako yakakaa kwenye meza ya mtu kwa miezi. Kwa hiyo kampuni inayokataa kutoa risiti inamwumiza mteja mara mbili: inamkata bila ushahidi, kisha inamnyima ushahidi wa kurudishiwa na mwingine. Kinga zinazokuja na baadhi ya kadi za benki nazo zina kinyume chake cha ajabu. Nyingi hudai kwanza uukatae msamaha wa kampuni. Ukiukubali kwa woga pale kaunta, ile ya kadi imekufa bila wewe kujua.

Ninayoyaomba si mageni. Jimbo la New York lilipiga marufuku uuzaji wa msamaha huu mwaka 1989 na likaweka kikomo cha dola 100 kwa mteja wa kawaida, likaiacha kampuni ibebe hasara iliyobaki. Kikomo hicho kilidumu zaidi ya miaka kumi kabla sheria haijalegezwa, na lawama za kampuni dhidi yake zilikuwa na uzito: kodi hupanda, na dereva mwangalifu humlipia mzembe. Siombi turudi huko. Mwaka 2015 Tume ya Ulaya na mamlaka za watumiaji za nchi wanachama zilikaa na kampuni tano kubwa za kukodisha, nazo zikakubali kueleza wazi zaidi bei, bima na misamaha, na kumpa mteja nafasi ya kupinga deni la uharibifu kabla ya kukatwa. Kwa hiyo inawezekana, na wakuu wa kampuni mnajua inawezekana, kwa sababu baadhi yenu mmeshaahidi kwingine.

Kwa wasimamizi, ombi langu la kwanza ni kwamba ekses ionekane pale bei ya siku inapoonekana, kwa herufi za ukubwa uleule. Gari la kodi nafuu lenye ekses ya siku 60 si nafuu kuliko gari la kodi ya juu kidogo lenye ekses ya siku 15, lakini leo la kwanza ndilo linalopanda juu ya orodha. Mkiweka namba mbili kando kwa kando, kampuni zitaanza kushindana kwa zote mbili.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba ekses iwe dari ya kila kitu. Mteja asiyevunja masharti asidaiwe zaidi ya kiasi hicho kwa tukio moja, ukijumlisha matengenezo, ada ya kushughulikia, gari la kuvuta, siku za kukaa bila kazi na kupungua kwa thamani ya gari. Na kama rimu na sampo haviwezi kuwa chini ya dari hiyo, basi neno sifuri lisitamkwe wala lisiandikwe kwenye msamaha mkubwa. Uiteni kwa jina lake: msamaha wa bodi. Mtu akisikia hivyo atauliza mwenyewe, "Na magurudumu je?" Swali hilo moja lingemwokoa yule mteja wangu wa kiti cha plastiki, maana angeizunguka ile njia ya kokoto.

Kuhusu ushahidi sitaongeza mengi. Pasiwepo kukata kadi kabla ya mteja kuona picha zenye tarehe na saa, za kuchukua na za kurudisha, na kupewa siku za kutosha za kujibu. Fidia ya siku za kukaa bila kazi idaiwe kwa tarehe za karakana. Matengenezo yasipofanyika ndani ya muda utakaowekwa, mteja alipe upungufu wa thamani uliokadiriwa na mtu wa tatu, si bampa ambayo haikununuliwa. Na kisanduku cha funguo: kampuni inayotaka urahisi wa kufunga ofisi usiku ibebe na hatari ya usiku huo, au iweke kamera juu ya maegesho. Mteja hawezi kulilinda gari ambalo funguo zake hana.

Wakuu wa kampuni, hamhitaji kusubiri sheria kwa hili la mwisho. Ondoeni kamisheni ya msamaha mkubwa kwa watu wa kaunta, au walipeni sawa mteja akinunua au akikataa. Nilikuwa mmoja wao. Sikuwa mwongo, lakini nilijifunza upesi ni sentensi zipi zinanijazia ubao wa Jumatatu na zipi zinaniacha mkiani, na sentensi kuhusu rimu haikuwahi kunisaidia.

Nimeambatanisha ankara yangu, jedwali nililotumiwa badala ya risiti, na ile video ya alfajiri. Jina la kampuni nimelifuta kwenye nakala zote. Ukiisimamisha video kwenye sekunde ya 41 utaona taa ya nyuma, nembo ya gari, na chini yake weusi mtupu pale ilipo bampa.

Wenu,

Aliyekuwa mtu wa kaunta, sasa mteja